Uzi: Baba mdogo amemeza kidonge cha kusimamisha usiku, asubuhi jicho moja halioni nusu ya chini. Kuna aliyewahi kuona hili?

#1 Mwana_wa_Malaba
Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa Malaba, upande wa Uganda. Baba yangu mdogo ana miaka 56, amekuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala zaidi ya miaka ishirini. Ana presha na sukari, dawa anameza, ingawa safarini huwa anaruka siku.

Jumamosi alinunua kidonge cha miligramu 100 kwenye duka la dawa karibu na maegesho ya malori. Alikatiwa kimoja kwenye karatasi yake ya bati, bila boksi wala maelezo. Akakimeza kama saa 4 usiku. Kabla ya kulala akameza na dawa ya presha, maana ndiyo saa yake ya kila siku. Jumapili asubuhi ameketi kunywa chai, anasema kikombe mezani kimepotea. Akiinamisha kichwa anakiona, akikiinua hakioni. Akaziba jicho la kushoto ndipo akagundua kwamba la kulia linaona juu tu: uso wangu anauona, shati langu halioni. Haliumi, si jekundu, halitoi machozi.

Kliniki moja hapa wamempa dawa ya matone na kumwambia ni mtoto wa jicho unaanza. Leo ni siku ya tisa na hakuna mabadiliko. Jana usiku ndipo aliponieleza habari ya kidonge, kwa aibu sana. Swali langu: kidonge kinaweza kufanya hivi, au tunakisingizia?

#2 Kijana_Kisenyi
Pole mkuu. Hiyo ni dozi. Mia moja kwa mzee wa presha ni nyingi mno, angekata nusu asingepata tatizo. Na hizi za kukatiwa bila boksi nyingi ni feki.

#3 Hajji_wa_Mbale
Mwanangu, mwambie aachane na vidonge vya kizungu. Mulondo upo, mzizi wetu, unatafuna asubuhi na jioni na macho hayaguswi. Mimi nina miaka 63.

#4 Mwana_wa_Malaba
Hajji shikamoo. Sitafuti dawa ya kumpa, natafuta jicho lake.

#5 Mama_Zubeda
Kabla ya kukilaumu kidonge, muulizeni kama alikunywa waragi siku hiyo. Mimi natoka Kabale. Mwaka 2010 tulizika watu wengi kwa waragi iliyochanganywa na spiriti ya viwandani, na baadhi ya waliopona walibaki vipofu. Wanaume wakimeza hivyo vidonge mara nyingi wanasindikiza na chupa.

#6 Musawo_wa_Macho
Salaam wote. Mimi ni afisa tabibu wa macho, kazi ninayofanya kila siku ni kuchungulia nyuma ya jicho. Mwana wa Malaba, simulizi lako limejitosheleza kuliko barua nyingi za rufaa ninazoletewa. Nitakwenda polepole.

Mama Zubeda amefanya vizuri kuuliza pombe, lakini ile sumu ya spiriti hupiga macho yote mawili, na kabla ya hapo mtu hutapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, anaona kama amezungukwa na ukungu mweupe. Mzee wako ni jicho moja, ameamka na afya yake, na kilichopotea kina mpaka ulionyooka kama umechorwa na rula. Mtoto wa jicho nao haukati nusu, wala haufiki kwa usiku mmoja. Huo hufunika kama kioo chenye vumbi, miezi kwa miaka.

Jicho moja, ghafla, bila maumivu, wakati wa kuamka, nusu ya chini: kwa mwanaume aliyevuka hamsini mwenye presha na sukari, jambo la kwanza linalonijia ni kiharusi cha neva ya jicho. Damu imepungua kwenye kichwa cha neva ile inayobeba picha kwenda kwenye ubongo. Na ndiyo, hili ndilo limetajwa katika maonyo ya sildenafili, dawa ya vidonge vya kusimamisha, na ndugu zake tangu 2005, pale mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoagiza liandikwe kwenye karatasi ya maelezo. Ile karatasi ambayo mzee hakupewa.

Naomba majibu matatu. Je, kichwa kinamuuma pembeni, kwenye kipaji upande wa sikio, au taya linachoka akitafuna? Je, jicho la pili mmelipima? Na je, anakoroma?

#7 Mwana_wa_Malaba
Asante musawo. Kichwa hakiumi na nyama anatafuna vizuri. Waragi hajagusa tangu apate sukari, hilo nathibitisha. Kukoroma, mke wake anasema huwa anakoroma halafu ananyamaza kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama. Jicho la pili napimaje?

#8 Musawo_wa_Macho
Keti mbele yake, magoti yenu yakaribiane. Azibe jicho moja kwa kiganja, si kwa vidole maana atachungulia katikati. Aangalie pua yako asihame. Wewe nyoosha mkono nusu ya njia kati yenu, onyesha vidole viwili au vitatu pembe ya juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia, naye ahesabu bila kuhamisha jicho. Kisha jicho la pili. Dakika tatu zinatosha.

Swali la taya nililiuliza kwa sababu kuna ugonjwa mwingine wa mishipa unaofanana na huu, ni adimu kwetu, ila huo ukichelewa unaweza kuchukua na jicho la pili ndani ya siku chache, na una dawa ya haraka. Majibu yako yananipunguzia wasiwasi, lakini hospitalini bado wamuulize.

#9 Famasia_Arua
Naungana na #2 kuhusu dozi kwa sehemu. Mwenye umri mkubwa, mwenye ini bovu au figo bovu, au anayetumia dawa fulani, huanzia miligramu 25. Lakini wengi tusichokiuliza dukani ni ARV. Wanaotumia mstari wa pili wenye ritonaviri, ile ritonaviri huzuia ini kuivunja sildenafili, hivyo kidonge kimoja hukaa mwilini kama vingi. Kwao ni miligramu 25 tu, na isirudiwe kabla ya saa 48. Walio kwenye dolutegraviri peke yake pamoja na dawa zake za kawaida hawana shida hiyo. Mteja hawezi kukuambia mbele ya foleni kwamba yuko mstari wa pili, kwa hiyo mimi huwa namvuta pembeni.

#10 Kijana_Kisenyi
Kumbe niko sahihi. Dozi.

#11 Musawo_wa_Macho
Kaka Kisenyi, nusu ya njia. Dozi inaeleza kichwa kuuma, uso kuwaka, presha kushuka na mtu kuanguka. Lakini taarifa za jicho zimetoka kwa watu wa dozi za kawaida pia, wengine mara ya kwanza, wengine baada ya miaka ya kutumia. Kwa hiyo kukata nusu si kinga.

Kuna jambo la maumbile humu. Neva ya jicho hutoka nyuma ya jicho kupitia tundu dogo. Kwa watu wengi, kichwa cha neva kina kishimo katikati, kama sahani yenye bonde, nafasi ipo. Wengine wamezaliwa na tundu finyu, nyuzi zote zimebanana, bonde hakuna. Kwa mtu huyu damu ikipungua kidogo, nyuzi zinavimba, na zikivimba hazina pa kwenda, zinajibana zenyewe na kuziba damu iliyobaki. Ndiyo maana mmoja anameza miaka kumi salama na jirani yake anapoteza nusu ya jicho. Hilo bonde huwezi kulijua kwenye kioo cha nyumbani, linaonekana kwa kifaa cha kuchungulia nyuma ya jicho.

#12 Bukedea_Boi
Mimi nikimeza naona taa zina ubluu, kama nimevaa miwani. Inamaanisha naelekea huko? Mmenitisha kweli.

#13 Famasia_Arua
Ndiyo, ubluu ni dalili ya kwanza ya upofu, acha mara moja.

#14 Musawo_wa_Macho
Hapana Famasia, hapo turekebishe. Ubluu na mwanga kuchoma hutokea kwa sababu dawa inagusa kidogo kimeng'enya kilichoko kwenye seli za kuonea, kinachofanana na kile inachokilenga. Huja macho yote mawili, hudumu saa chache, huondoka dawa ikiisha. Hauna mpaka na haufuti kitu. Kiharusi cha neva hakianzi na ubluu.

Ila Bukedea, kwenu kuna mtu asiyeona usiku tangu utotoni, anayejikwaa jioni, na uwanda wake wa kuona unazidi kuwa mwembamba? Familia zenye ugonjwa huo wa kurithi wa retina wasizimeze hizi dawa, kwa sababu baadhi yao kimeng'enya hicho hicho ndicho kibovu.

#15 Bukedea_Boi
Hakuna. Bibi tu, naye ni uzee. Asante, nimepumua.

#16 Famasia_Arua
Nimekubali kusahihishwa. Nilifundishwa hivyo na niliyemkuta kazini.

#17 Sikio_Moja
Nimesoma kimya, sasa niseme yangu, maana hakuna aliyegusa masikio. Jina langu hapa si la mapambo.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na 44, nilimeza nusu kidonge usiku wa Ijumaa. Asubuhi simu inaita, naweka sikio la kulia, kimya. Nikadhani mtandao. Nikahamishia kushoto, mke wangu anaongea vizuri. Ndani ya sikio la kulia kukawa na mlio, ziii, kama friji ya zamani, na nikisimama dunia inaegemea upande. Nikajua nta. Nikaweka mafuta ya nazi ya uvuguvugu siku nne. Kliniki wakanisafisha, nta ikatoka kidogo tu, mlio ukabaki. Nikapewa antibayotiki. Nilipofika kwa daktari wa masikio ilikuwa wiki ya tano. Akapima kwa vifaa vya kuvaa masikioni, akaniambia neva ya ndani imepigwa, na kwamba zile dawa za steroidi anazozitegemea husaidia zikianzwa siku za mwanzo, ndani ya wiki mbili hivi. Alinipa hata hivyo. Sikio halikurudi.

Nataka mtu ajue alichonionyesha daktari: funga mdomo, ung'ung'unie mmm kwa sauti nzito. Kama sikio limezibwa na nta au maji, sauti inajaa upande ule ule mbovu. Kama neva ndiyo imekufa, sauti inakwenda upande mzima. Yangu ilikwenda kushoto yote. Ningelijua hilo siku ya kwanza nisingepika mafuta ya nazi.

#18 Mama_Zubeda
Pole sana kaka. Hiyo mmm nimeijaribu sasa hivi jikoni nikiwa nimeziba sikio kwa kidole, kweli sauti inahamia kwenye lililozibwa.

#19 Mzee_Bombo
Sikio Moja, swali la nia njema. Kabla ya hapo hukutundikiwa kwinini? Hapa Bombo mtu akitoka kutundikiwa maji ya malaria masikio yanalia wiki nzima. Au sindano za jenta?

#20 Sikio_Moja
Mzee, nilitundikiwa kwinini kama siku kumi kabla. Masikio yote yalilia, yakatulia siku ya tatu baada ya kumaliza. Jenta sikuchomwa. Daktari naye aliliandika hilo la kwinini, akasema hawezi kuapa ni lipi.

#21 Mzee_Bombo
Basi mimi nasema kwinini ililegeza, kidonge kikamalizia.

#22 Musawo_wa_Macho
Masikio si fani yangu, nitasema ninalolijua. Kwinini kwa kawaida huliza yote mawili na huachia. Onyo la sikio kwa dawa hizi liliongezwa 2007, baada ya mamlaka ile ile ya Marekani kukusanya taarifa 29 za watu waliopoteza usikivu ghafla, karibu wote sikio moja, na kama theluthi yao ulirudi. Lakini watu wasiomeza chochote nao hupoteza sikio moja ghafla, na mara nyingi sababu haipatikani. Wazo la Mzee Bombo siwezi kulikataa wala kulithibitisha.

#23 Hajji_wa_Mbale
Narudi kwenye mulondo. Hamjanijibu.

#24 Famasia_Arua
Hajji, kwa heshima: mzizi wenyewe unaouchimba na kuutafuna sina ugomvi nao. Ninaouogopa ni ule ulioshasagwa, kwenye kichupa chenye picha ya simba, unaofanya kazi ndani ya nusu saa. Mzizi haufanyi hivyo. Mnakumbuka kinywaji cha nguvu kutoka Zambia? Mwanzoni mwa 2019 NDA, mamlaka yetu ya dawa, ilisema imepima na kukuta sildenafili ndani, na kwenye chupa haikuandikwa. Mtu mwenye presha alikuwa anakunywa akidhani ni soda. Mzee kama wewe ukipoteza jicho kwa unga ule, utaapa kwa musawo kwamba hujameza kidonge, na utakuwa unasema kweli.

#25 Hajji_wa_Mbale
Wangu nauchimba mwenyewe. Lakini mdogo wangu ananunua cha simba. Nitamuuliza.

#26 Nesi_Jinja
Napinga kidogo mwelekeo wa uzi. Mgonjwa ana presha, ana sukari, dawa anaruka, anakoroma hadi pumzi inakatika. Huyo angeweza kupata kiharusi cha jicho bila kumeza chochote. Nguvu za kiume zenyewe hupungua kwa sababu mishipa imechakaa, na mishipa hiyo hiyo ndiyo inayolisha jicho. Kwa hiyo wanaomeza vidonge ndio hao hao waliokuwa hatarini. Kidonge kinakutwa eneo la tukio, si lazima kiwe mwizi.

#27 Musawo_wa_Macho
Nesi umesema hoja ambayo wataalamu wameibishania miaka. Katika majaribio ya mwanzo ya dawa, visa havikuonekana kuzidi vya kawaida. Baadaye, utafiti uliochapishwa 2015 uliwalinganisha wanaume waliopata kiharusi hicho na nafsi zao wenyewe, siku walizokuwa na dawa mwilini na siku ambazo hawakuwa nayo, ukakuta hatari iko kama mara mbili. Mara mbili ya kitu adimu bado ni adimu: kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi ni kati ya watu wawili na nusu hadi kumi na wawili hivi kwa kila laki moja kwa mwaka. Kwa hiyo simwambii mwanaume mzima, mwenye presha iliyotulia, kwamba atapofuka.

Kinachonikera kwa huyu mzee ni saa. Presha ya kila mtu hushuka usingizini. Yeye akaongeza dawa ya presha saa hiyo hiyo, na juu yake kidonge kinacholegeza mishipa. Vitu vitatu vimekutana kati ya usiku wa manane na alfajiri, kwenye neva ambayo huenda imebanana. Ni wazo lenye mantiki, uthibitisho kamili haupo. Na asije mtu akasoma hapa akaacha dawa ya presha. Saa ya kumeza hupangwa na daktari wake.

#28 Mama_Zubeda
Musawo, sema na kuhusu wale wa moyo. Mume wangu ana vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Nilimkuta na vya kusimamisha ndani ya soksi.

#29 Famasia_Arua
Dada, hivyo viwili havikutani kabisa. Si suala la jicho tena, presha inaweza kuporomoka akafa. Na kifua kikimbana usiku huo, anayempeleka hospitali lazima aseme ameshameza nini na saa ngapi. Sildenafili angalau saa 24, tadalafili saa 48, ndipo cha chini ya ulimi kifikiriwe. Ongea naye leo.

#30 Mama_Zubeda
Nimeelewa. Nitaanza na soksi.

#31 Mwana_wa_Malaba
Wakuu, nimerudi. Jana tulifika kliniki ya macho ya hospitali kubwa. Walimmulika tochi, wakihamisha mwanga jicho hadi jicho, na mboni ya kulia badala ya kubana ikawa inatanuka. Wakaweka matone ya kupanua, wakachungulia. Kulia neva imevimba, na imeanza kupauka sehemu ya juu. Kushoto, daktari aliniita nione kwenye kifaa: duara dogo la rangi ya chungwa, limejaa, katikati hakuna bonde lolote. Akasema maneno yale yale ya #11.

Kilichopotea hakina dawa ya uhakika. Wengine hurudishiwa kiasi miezi ya mwanzo, wengine hapana. Amezuiwa vidonge vyote vya jamii hiyo, maisha, kwa ajili ya jicho la kushoto, maana hata bila kidonge kama mtu mmoja kati ya saba hivi hupigwa la pili ndani ya miaka mitano. Dawa ya presha imehamishiwa asubuhi. Kukoroma atapimwa. Matone ya mtoto wa jicho yametupwa.

#32 Sikio_Moja
Pole ndugu. Angalau kushoto kumelindwa mapema.

#33 Nesi_Jinja
Daktari aliandika kidonge kuwa ndicho chanzo?

#34 Mwana_wa_Malaba
Aliandika "huenda kimechangia". Akajaza na fomu ya madhara ya dawa ya kupeleka NDA, akauliza jina la kampuni na namba ya toleo. Hatukuwa nayo. Duka lilikata kidonge pembeni na maandishi yakabaki kwao.

#35 Kijana_Kisenyi
Kwa hiyo hatutajua kama kilikuwa feki.

#36 Mzee_Bombo
Na lori je? Ataendesha?

#37 Mwana_wa_Malaba
Mzee, hilo ndilo lililomliza. Akitazama mbele anaona barabara. Nilimketisha kwenye usukani lori likiwa limezimwa, nikamwambia aangalie mbali na azibe la kushoto. Nikasimama karibu na bampa, upande wa kulia. Alisema anaona kilima, anaona nyaya za umeme. Mimi hakuniona.